Jibu Kabla ya Kipindi: Darasa Geuzwa kwa Wanafunzi wa Bando Dogo, kwa Mfano wa Uwemba

Mjadala wa darasa geuzwa katika vyuo vyetu umekwama kwenye video. Mhadhiri anayetaka kuigeuza kozi yake huanza kwa kutafuta kamera na chumba kisicho na kelele, hurekodi mihadhara yake, huipandisha mtandaoni, kisha hugundua kwamba sehemu kubwa ya darasa haikuitazama. Hapo huhitimisha kuwa mbinu hii imeumbwa kwa ajili ya nchi ambazo intaneti haihesabiwi kwa megabaiti. Ninadai kwamba hitimisho hilo linatokana na kuanzia pasipofaa. Sehemu ya lazima katika darasa geuzwa ni jibu la mwanafunzi linalomfikia mhadhiri kabla hawajakutana, na jibu hilo hubebwa na meseji ya kawaida. Video ni pambo la gharama, na mara nyingi pambo hilo ndilo linaloua mbinu yenyewe.

Historia yake inaunga mkono hoja hii. Ni kweli kwamba Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika sekondari moja ya Colorado, ndio walioipa umaarufu tangu mwaka 2007 kwa kurekodi vipindi vyao. Lakini Eric Mazur wa Harvard alikuwa ameshageuza darasa lake la fizikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kitabu tu. Wanafunzi walisoma sura nyumbani, na kipindi kikatumika kujibu maswali ya dhana na kubishana wawili wawili. Baadaye katika muongo huo, Gregor Novak na wenzake wa Indiana waliongeza kiungo ambacho sisi tunakisahau: wanafunzi walituma majibu yao saa chache kabla ya kipindi, na mwalimu akakipanga upya kipindi kulingana na makosa aliyoyaona.

Tuangalie hesabu ya video kwa shilingi. Video ya dakika 20 yenye ubora wa wastani, inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde, hula megabaiti 225. Kwa bei elekezi za TCRA za mwaka 2021, yaani kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti moja, video hiyo ni kati ya shilingi 457 na 2,104. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja ikiwa na video moja kwa wiki, anaweza kujikuta akitumia zaidi ya shilingi 10,000 kwa wiki. Hiyo ni sawa na posho ya siku nzima ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kwa kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Tena anayenunua bando la siku, dogo dogo, ndiye anayeelekea kwenye bei ya juu, kwa kuwa bei nafuu kwa megabaiti huwa kwenye vifurushi vikubwa ambavyo hana fedha ya kuvilipia kwa mkupuo.

Maelezo hayo hayo yakihifadhiwa kama sauti tupu, kwa kasi ya kilobiti 16 kwa sekunde inayotosha kabisa kwa mtu mmoja anayezungumza, dakika 20 zinakuwa megabaiti 2.4, karibu mara mia pungufu. Mhadhiri aliyekwisha kurekodi video zake hana haja ya kuzitupa, kwani amri moja inaondoa picha na kubakiza sauti:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vn -ac 1 -c:a libopus -b:a 16k somo.ogg
```

Sauti hiyo ikiambatana na kurasa nne zilizochapwa, si zilizopigwa picha kwa simu, furushi zima la wiki linaingia kwenye megabaiti tatu. Kurasa zilizopigwa picha ni mtego mwingine, kwani kila moja inaweza kuwa nzito kuliko sauti yote.

Sasa tulipeleke jambo hili Uwemba, kata ya Njombe iliyo kwenye nyanda za baridi karibu na mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Inajulikana kwa misheni ya Wabenediktini, kwa viazi, na kwa kituo kidogo cha utafiti wa viazi kilicho chini ya TARI Uyole. Anayesoma shahada akiwa anaishi huko, aghalabu akiwa na kazi yake, anategemea zaidi masomo ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo cha mkoa Njombe mjini. Kwa mwanafunzi wa Uwemba, na zaidi kwa anayetoka Makambako umbali wa kilomita 60 hivi, siku ya kukutana ana kwa ana ni nauli na ruhusa ya kazini. Siku kama hiyo kuitumia kumsomea maandishi ambayo angeweza kuyasoma mwenyewe ni hasara tupu.

Chukua somo moja, mnyauko bakteria wa viazi, na tuseme darasa lina watu 40. Huu ni mfano wa kubuni, ila biolojia yake ni ya kweli. Wiki moja kabla ya kukutana, kila mmoja anapata furushi la megabaiti tatu. Mwenye simu janja anapakua mara moja na kumrushia jirani yake kwa bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Mwenye kitochi anachukua nakala ya kurasa nne iliyoachwa kwenye stesheneri. Ndani yake kuna kazi isiyohitaji intaneti hata kidogo: nenda kwenye shamba lenye mmea ulionyauka ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi pasipo kukitikisa, usubiri dakika chache. Ikiwa ni bakteria, uzi mweupe kama maziwa huteremka taratibu kutoka kwenye mkato. Anayekosa mmea ulionyauka aandike hivyo hivyo kwamba hakuupata.

Kisha kuna swali moja. Shamba lililo juu Uwemba halikuonyesha mnyauko msimu mzima; viazi vyake vinatakiwa kupelekwa kama mbegu kwenye mashamba ya chini yenye joto zaidi, upande wa Makambako. Je, A, ni salama kwa kuwa hakuna mmea ulionyauka. B, ni salama vikinyunyiziwa dawa ya ukungu. C, vinaweza kubeba bakteria bila dalili. Au D, hatari ipo kwa viazi vilivyooza peke yake? Mwanafunzi anatuma herufi na sababu kwa meseji moja, yaani ndani ya herufi 160, kabla ya saa 12 jioni ya siku ya kuamkia kipindi. Ufinyu huo una faida yake, kwa sababu humlazimisha mtu kusema sababu moja aliyo nayo kweli.

Jibu ni C. Katika baridi, mmea wenye vimelea hivyo unaweza kukua bila kunyauka huku viazi vyake vikiwa vimebeba maambukizi, na joto la shamba jipya ndilo linaloyafichua. Lakini mhadhiri hana haja ya kulitangaza. Tuseme meseji 36 zimefika: 15 zimesema A, 5 zimesema B, 14 zimesema C, na 2 D. Kati ya majibu ya A, kadhaa yanasema, "glasi yangu haikutoa uzi, kwa hiyo shamba ni safi." Hapo mhadhiri ameshapata kipindi chake. Kosa lililopo ni la mantiki ya kipimo: glasi huthibitisha ugonjwa kwenye mmea ulionyauka, na haiwezi kuthibitisha usafi wa mmea usio na dalili. Waliojibu sahihi ni karibu asilimia 39, ambayo iko kati ya 30 na 70, ukanda ambao Mazur aliuona unafaa kwa mjadala wa wanafunzi wenyewe. Wangekuwa chini ya hapo, wasingekuwa na wa kuwasaidia, na maelezo mafupi ya mwalimu yangehitajika kwanza. Wangekuwa juu ya hapo, angepita haraka. Kwa hiyo kipindi kinaanza kwa kukaa wawili wawili, mwenye A na mwenye C, kisha kinahamia kwenye swali gumu zaidi: kama macho na glasi havitoshi, mbegu ipimwe wapi na kwa njia gani, na TOSCI inaingia hatua ipi ya uthibitishaji.

Mpango huu una namna zake za kuharibika. Wa kwanza kuuharibu ni mhadhiri mwenyewe. Wachache wakija bila kusoma, huruma inamshika, anarudia mhadhara wote ubaoni, na kuanzia wiki inayofuata aliyesoma anaonekana mjinga aliyepoteza muda wake. Ambaye hakusoma apewe karatasi ile ile na dakika kumi pembeni, na wengine waendelee. Uharibifu wa pili ni kunakiliana, nao huonekana bila upelelezi: meseji sita zenye sababu ya maneno yale yale, zote zimeingia ndani ya robo saa ya mwisho. Kuongeza ukali hakusaidii hapo. Alama zitolewe kwa kutuma sababu, hata ikiwa si sahihi, na mtu akiwa na hakika kwamba kukosea hakumgharimu, ataacha kuazima jibu la mwenzake. Wanaotumia simu moja waruhusiwe kutuma pamoja kwa kutaja majina yao, ili kushirikiana kusigeuke wizi.

Uharibifu wa tatu ni mzigo. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, hivyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki, kipindi na kujisomea vikiwa pamoja. Furushi la darasa geuzwa lazima litoke ndani ya saa hizo nane. Nililoliona mara nyingi ni mhadhiri kuliongeza juu ya zoezi la zamani na insha ya zamani, halafu kulalamika kwamba vijana hawasomi.

Kuna mada ambazo sauti na karatasi haziwezi kuzibeba. Namna ya kushika darubini au kupasua kiungo huonekana kwa mwendo, na hapo video fupi inastahili. Dakika mbili kwa ubora mdogo, wa megabiti 0.3 kwa sekunde, ni megabaiti 4.5, uzito unaovumilika. Ndefu kuliko hiyo ionyeshwe siku ya kukutana au isambazwe kwa flashi. Na darasa la watu 400 halisomeki meseji moja moja: mhadhiri ahesabu herufi zote na kusoma sababu 40 alizochagua bila mpangilio. Hata hivyo saa za usiku za kusoma meseji hizo hazionekani kwenye fomu nyingi za mzigo wa kazi, ambazo huhesabu vipindi vilivyofundishwa na kuishia hapo, na ndiyo maana mhadhiri anayeiacha mbinu hii muhula wa pili huwa hajashindwa na bando la wanafunzi wake.