Mzoga na Pengo: Hesabu ya Samaki kama Msingi wa Dai la Bima

Mkataba wa bima ya ufugaji wa samaki kwa kawaida hutaja majanga yake moja moja: ugonjwa, upungufu wa oksijeni, wizi, kuharibika kwa pampu. Mpangilio huo humfanya mfugaji aamini kwamba kila janga lina dai lake, na kwamba likitokea, kazi iliyobaki ni kuliripoti. Makala hii inadai kwamba majanga hayo hayawezi kutenganishwa kirahisi hivyo, kwa kuwa yote hupimwa kwa idadi ya samaki waliokuwa hai kabla ya hasara. Ng'ombe akifa, mzoga wake unatosha kuthibitisha kwamba alikuwepo. Sato elfu ishirini walio ndani ya nyavu hawajaonekana wote kwa pamoja tangu siku walipomwagwa wakiwa vifaranga. Bima yao basi inasimama juu ya makadirio, na mgogoro mwingi wa fidia ni mgogoro wa makadirio hayo.

Sababu ya kifo

Tuchukue vizimba vya Ziwa Viktoria. Maji ya tabaka la chini la ziwa hilo huishiwa oksijeni katika miezi ambayo ziwa limetulia na tabaka zake hazichanganyiki. Upepo mkali ukiyavuruga, maji hayo hupanda juu. Januari 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na mamlaka za huko zilieleza kwamba chanzo ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya walipata hasara kubwa ya namna hiyo. Sato huvumilia oksijeni ndogo kuliko sangara, lakini aliye kizimbani hawezi kuyakimbia maji mabaya.

Kifo cha kukosa hewa kina alama zake. Samaki hufa kwa wingi ndani ya saa chache, mara nyingi kabla ya mapambazuko. Wakubwa hutangulia wadogo. Midomo hubaki wazi na matamvua yamefunuka. Ugonjwa huja taratibu. Vifo hupanda siku hadi siku, na samaki huacha kula kabla ya kufa. Wakiwa na maambukizi ya streptokokasi, macho huvimba na wengine huogelea wakizunguka kama waliopoteza mwelekeo.

Ndiyo maana mkadiriaji hasara anayejua kazi yake huuliza kwanza walikula kiasi gani wiki iliyopita. Daftari la chakula linaloonyesha ulaji wa kawaida hadi jioni ya mwisho huunga mkono dai la oksijeni, na lile linaloonyesha ulaji ukishuka kwa siku kumi huelekeza kwenye ugonjwa. Tofauti hiyo ina uzito wa fedha, kwa sababu mikataba mingi huweka kipindi cha kungoja kabla ya kinga ya ugonjwa kuanza. Sampuli inayofaa maabara ni samaki mahututi aliyewekwa kwenye barafu. Katika maji yenye joto la nyuzi 26, mzoga wa jana umeshaoza kiasi kwamba hausemi tena lolote la uhakika.

Idadi ya waliokufa

Tuseme mfugaji ana vizimba vinne, na daftari lake linaonyesha sato 18,700 wenye wastani wa gramu 300, yaani kilo 5,610. Mkataba unathamini kila kilo kwa gharama ya uzalishaji, tuseme shilingi 7,000, wala si kwa bei ya sokoni. Thamani yote ni shilingi 39,270,000. Mkataba unasema pia kwamba mfugaji atabeba mwenyewe asilimia 20 ya thamani hiyo, yaani shilingi 7,854,000, kabla kampuni haijalipa chochote.

Asubuhi moja maji yamebadilika rangi na mizoga imeelea. Vijana wanaichota kwa vyandarua, wanaijaza kwenye matenga na kuipima mbele ya mkadiriaji: kilo 2,700, sawa na samaki 9,000. Siku ya tatu walio hai wanahamishwa na kuhesabiwa, nao ni 7,700. Kwa daftari, waliokufa ni 11,000. Kwa mizani, ni 9,000. Pengo ni samaki 2,000.

Mfugaji anasema wamezama na kuoza chini ya wavu, au wameliwa na ndege. Inawezekana. Lakini mkadiriaji ana maelezo mengine yanayowezekana vilevile: vifaranga walihesabiwa kwa kukisia tangu mwanzo, wavu ulikuwa na tundu, au mtu alikuwa akija usiku na mtumbwi. Kinga ya wizi kwa kawaida hudai dalili kama wavu uliokatwa, na taarifa ya polisi. Upungufu usioelezeka hautambuliwi kuwa wizi. Samaki walioibwa kidogo kidogo tangu miezi mitatu iliyopita hawakudaiwa wakati ule, na sasa wanaonekana kana kwamba wamekufa kwa kukosa hewa.

Matokeo yake ni haya. Kwa daftari, hasara ni shilingi 23,100,000, na fidia baada ya makato ni 15,246,000. Kwa mizani, hasara ni 18,900,000, na fidia ni 11,046,000. Pengo hilo ni takriban asilimia 18 ya hasara, lakini linaondoa zaidi ya robo ya fidia, kwa kuwa makato hayapungui.

Pampu inapozima

Katika matangi ya kuzungusha maji, hesabu ya samaki ni rahisi zaidi, ila muda ni mfupi mno. Tangi lenye kilo 50 za samaki kwa kila mita ya ujazo, kila kilo ikitumia miligramu 250 za oksijeni kwa saa, hutumia gramu 12.5 kwa saa katika kila mita hiyo. Pampu ikizima maji yakiwa na gramu 6, yatafika gramu 2, kiwango cha hatari, baada ya dakika zisizozidi 20. Hapo samaki wamekufa kwa kukosa oksijeni, lakini chanzo cha karibu ni pampu, na kinga ya pampu huja na masharti: king'ora, jenereta la akiba, na kumbukumbu ya kulijaribu. Jenereta lililopo bila kumbukumbu hiyo linaweza kumkosesha mfugaji fidia yote, hata kama siku ile liliwaka.

Je, kipima oksijeni kitamaliza ubishi?

Wapo wanaopendekeza bima inayolipa pindi kifaa kinaposoma oksijeni chini ya kiwango fulani, bila kuhesabu mizoga. Kwa maji yanayopanda ziwani pendekezo hilo lina mantiki, kwa kuwa janga huathiri eneo zima. Lakini kifaa hupima maji mahali kiliponing'inizwa, na huota ukungu wa mwani kisiposafishwa. Tena hakisemi kizimba kilikuwa na samaki wangapi, kwa hiyo thamani ya kulipwa hubaki ile ya daftari. Kwa ugonjwa na wizi hakisaidii kitu.

Njia ya uhakika zaidi ni kuandika namna ya kuhesabu ndani ya mkataba wenyewe, kabla ya hasara. Samaki wahesabiwe wakati wa kumwaga vifaranga na kila wanapochambuliwa kwa ukubwa, nakala ya hesabu ipelekwe kwa kampuni, na pande mbili zikubaliane asilimia ya upotevu wa kawaida kwa mwezi. Katika mfano wetu, kama samaki wangechambuliwa na kuhesabiwa mwezi mmoja kabla, pengo la 2,000 lingejulikana mapema: ama daftari lingerekebishwa na ada ya bima kupungua, ama wizi ungefuatiliwa wakati tundu la wavu bado lipo.