Mbao za paa (Kisii na Nyamira)

Hesabu ya mbao za paa ni kukadiria futi za rafta, palini na batini kutokana na upana wa nyumba na nafasi kati ya mbao. Katika kaunti za Kisii na Nyamira mbao hupimwa kwa futi na mabati kwa mita, kwa hiyo fundi hutumia vipimo viwili kwa paa moja. Mbao nyingi hutoka kwenye mikaratusi ya mashambani, iliyopasuliwa kwa msumeno wa mashine. Mvua ni kubwa na mara nyingi huja na mawe, ndiyo maana mwinuko mkali unafaa huku kuliko paa la kulala.

Tuchukue nyumba ya futi 30 kwa 20, yenye paa la miteremko miwili na mabati ya geji 30. Nusu ya upana ni futi 10, na kilele kimeinuliwa futi 6 juu ya ukuta. Upenu unatokeza futi 2, basi kutoka katikati ya nyumba hadi ukingo ni futi 12 zikipimwa kwa mlalo. Rafta lakini haifuati mlalo, inafuata mteremko. Kipeo cha pili cha 10 na cha 6 vikijumlishwa ni 136, na kipeuo chake ni 11.66, yaani kila futi 10 za mlalo ni futi 11.66 za mteremko. Futi 12 zinakuwa 14. Anayenunua rafta za futi 12 kwa kusoma ramani tu hugundua kosa lake akiwa juu ya ukuta, naye hulazimika kuufuta upenu, na mvua ikaupiga ukuta.

Kenchi zikipangwa kila futi 5, nafasi ni 6 na kenchi ni 7, kwa sababu ya ile ya mwisho inayofunga hesabu. Kila kenchi ina rafta mbili za futi 14 na taibimu ya futi 20, zote za inchi 4 kwa 2. Ubao mmoja wa futi 20 ulionyooka ni vigumu kuupata, hivyo ubao wa futi 14 huunganishwa na wa futi 8 kwa kupishana futi 2. Kiungo hicho hukaa pembeni mwa nguzo ya kati, mahali panapostahili. Hesabu ya 4 kwa 2 basi ni mbao 21 za futi 14, mbao 7 za futi 8, na futi 60 za kulaza juu ya kuta mbili ndefu: jumla futi 410. Nguzo ya kati na vishikizo viwili, takriban futi 6 kila kimoja, hutolewa kwenye mbao 11 za 3 kwa 2 zenye futi 12.

Palini ndipo mbao hupotea zaidi. Kwa mabati haya mepesi nafasi isizidi sentimita 80. Mteremko wa futi 14 ni sentimita 427. Ukigawa kwa 80 unapata 5.3, basi nafasi ni 6 na safu ni 7 kila upande, 14 kwa paa zima. Zikigawanywa sawasawa, kila nafasi ingekuwa sentimita 71. Mabati yenyewe hayaruhusu hilo. Bati la mita 2.5 chini na la mita 2 juu, yakipishana sentimita 15, hufunika sentimita 435. Chini zinabaki 8 za kudondosha maji. Mpishano unaangukia karibu sentimita 235 kutoka ukingoni, na lazima pawe na palini hapo, la sivyo msumari utapigwa hewani na mpishano utavuja. Fundi huweka nafasi tatu za sentimita 78 chini ya mpishano na tatu za 64 juu yake. Idadi ya safu haibadiliki.

Kila safu ina futi 33, pamoja na futi moja na nusu inayotokeza kila ncha ya nyumba. Viungo lazima vikae juu ya kenchi, kwa hiyo mbao za futi 14 zingekatwa kwa hasara. Zinazofaa ni mbili za futi 12 pembeni na moja ya futi 10 katikati: futi 34 kwa safu, 476 kwa safu zote.

Mmiliki akichagua vigae vya chuma vyenye changarawe, palini huachia nafasi batini za 2 kwa 2, kila sentimita 37 hivi. Kipimo kamili huchukuliwa kwenye kigae chenyewe. Safu ni 13 kila upande, na futi zake, kabla ya viungo, ni 858. Ubao mwembamba hivyo hauvuki futi 5 bila kupinda, kwa hiyo kenchi husogezwa kila futi 3 na kuwa 11.

Hesabu hizi zinachukulia mbao zilizonyooka. Mkaratusi uliopigiliwa ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka kwenye misumari unapokauka, na dalili ya kwanza huonekana kwenye mabati: mstari wa misumari unayumba. Ubao hukaguliwa kwa kuutazama kutoka ncha moja hadi nyingine, na upana hupimwa kwa futikamba, maana 4 kwa 2 ya msumeno wa shambani mara nyingi haifiki inchi 4.