Aliyezaliwa Februari 29 anatimiza miaka 18 siku gani?

Tuseme watoto watatu wamezaliwa Mkokotoni, Kaskazini Unguja, siku tatu mfululizo za mwaka 2008. Wa kwanza Februari 28, wa pili Februari 29 (ilikuwa Ijumaa), wa tatu Machi 1. Mwaka 2026 wote wanatimiza miaka 18, lakini huyo wa kati hana tarehe yake kwenye kalenda. Februari ya 2026 inaishia 28.

Mitaani utani ni ule ule: "Huyu ana miaka minne na nusu!" Kwenye sheria utani huo haufiki popote. Kinachohesabiwa ni miaka iliyopita tangu uzaliwe. Haijalishi keki umekata mara ngapi.

Ukihesabu siku moja moja unakutana na jambo ambalo wengi hawalitarajii. Wa kwanza akifika Februari 28, 2026 ameishi siku 6,575. Wa tatu akifika Machi 1 ameishi siku 6,574, pungufu ya mwenzake, kwa sababu yeye hakuipitia Februari 29 ya 2008. Wa kati akihesabiwa Februari 28 ana siku 6,574, na akihesabiwa Machi 1 ana 6,575. Yaani tarehe yoyote utakayompa, hapunjwi wala hapendelewi kuliko wenzake.

Sasa ipi ndiyo yake? Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa haki ya kupiga kura raia "aliyetimiza" miaka 18. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, nayo inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Neno la kushika hapo ni kutimiza. Mtu aliyezaliwa Februari 29 huikamilisha siku ya mwisho ya mwaka wake Februari 28 inapomalizika usiku, hivyo kwa hesabu ya mwaka kamili anaamka mtu mzima Machi 1.

Nchi nyingine zimeamua kuandika kabisa. Hong Kong imechagua Machi 1. Nyuzilandi, kwenye sheria zake za barabarani, imechagua Februari 28. Hata kompyuta hazikubaliani. Kwenye Excel, andika fomula hizi mbili uone:

```
=EDATE(DATE(2008,2,29),216)
=DATE(2026,2,29)
```

Ya kwanza inaongeza miezi 216, ambayo ni miaka 18, na inaleta Februari 28. Ya pili inaruka hadi Machi 1. Kwa hiyo mfumo mmoja ukikukubali na mwingine ukakuambia bado, si lazima mtu awe amekosea kuandika.

Kwenye kura siku hiyo moja haina uzito, maana uchaguzi mkuu wetu huwa Oktoba. Kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, mwaka huu wa 2026 imejiondoa yenyewe: Februari 28 ni Jumamosi, Machi 1 ni Jumapili, na ofisi zinafunguliwa Jumatatu Machi 2. Inapouma ni kwenye kesi. Kijana akituhumiwa kwa kosa la Februari 28, siku hiyo moja ndiyo inayoamua kama anashughulikiwa kama mtoto au mtu mzima.

Tatizo la kila siku liko kwenye makaratasi. Kuna mzazi anayeona Februari 29 ni usumbufu, akaandikisha skuli Machi 1 huku cheti cha kuzaliwa kikisema 29. Miaka inapita, kijana anakwenda kuomba kitambulisho, karatasi zinagongana. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo wake itaanza na 20080229. Tarehe ikiingia tofauti, inabaki kwenye namba yenyewe. Bora irekebishwe mapema, na kila karatasi ifuate cheti cha kuzaliwa.

Kosa jingine ni tarehe isiyowahi kuwepo, mfano Februari 29, 1950. Hutokea kwa wazee walioandikishwa ukubwani kwa kukumbuka tu. Kuitambua ni rahisi: mwaka usiogawanyika kwa nne hauna siku hiyo. Hata 1900 haukuwa nayo ingawa unagawanyika, kwa sababu miaka ya mamia lazima igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ilikuwa nayo.

Kwa kalenda ya Kiislamu, huyo wa kati hana shida yoyote. Alizaliwa Mfungo Tano, yaani Safar, mwaka 1429, na Mfungo Tano huja kila mwaka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambaye dalili za balehe hazijamtokea huhesabiwa baleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo. Kwake hiyo ilifika Septemba 2022, akiwa na miaka 14 na nusu hivi kwa kalenda ya ofisini.

Bethdei yake halisi ijayo ni Jumanne, Februari 29, 2028. Atakuwa anatimiza miaka 20.