Mche Uliorefuka Kupita Wenzake

Leo tuanzie kitaluni. Umekwenda asubuhi kuangalia kitalu chako cha mpunga, siku kama ishirini hivi baada ya kusia mbegu. Miche yote imelingana vizuri, lakini hapa na pale umeuona mmoja uliojitokeza juu ya wenzake. Ni mrefu, mwembamba, na rangi yake imepauka kuelekea unjano. Mtu asiyejua atasema, "Huu ndio mche wa mbegu bora." Atauchukua kwa furaha na kuupandikiza jarubani. Baada ya wiki chache mche ule utakauka. Ukibahatika kufika kutoa suke, suke lenyewe litakuwa mapepe matupu.

Wakulima wa Japani waliujua mche huo tangu zamani, wakauita "bakanae", maana yake mche mpumbavu. Wenzetu hao hawakudanganyika na urefu wake. Lakini kwa nini mmea mgonjwa urefuke, wakati tumezoea kuona ugonjwa ukidumaza? Swali hilo lilichukua miaka mingi kujibiwa, na jibu lake limeingia hata katika mbegu ya mpunga unayopanda wewe.

Mnamo mwaka 1898 mtaalamu mmoja wa Japani, Shotaro Hori, alionyesha kwamba mche huo haurefuki kwa tabia ya mbegu, bali umeingiwa na kuvu. Kuvu huyo husafiri juu ya punje za mbegu kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na ugonjwa wenyewe unajulikana Asia na Afrika pia. Kwa hiyo, kabla hatujaendelea na hadithi, shika jambo hili. Ukiuona mche wa namna hiyo, ung'oe, uutoe kitaluni na kuuchoma, wala usichukue mbegu ya mwaka ujao katika jaruba lililokuwa na ugonjwa.

Mbegu yako nayo ichague kwa maji ya chumvi. Chukua ndoo ya maji, tia yai bichi lisilo viza, kisha koroga chumvi kidogo kidogo mpaka yai lipande na kuonyesha mgongo wake juu ya maji. Toa yai, mimina mbegu, koroga. Zitakazoelea ondoa zote, kwa sababu punje nyingi zenye ugonjwa ni nyepesi. Zilizozama zioshe kwa maji safi mara mbili au tatu, maana chumvi ikibaki itaunguza uotaji. Njia hii hupunguza ugonjwa tu. Punje nzito nayo yaweza kubeba kuvu, basi usiache kukagua kitalu.

Haya, turudi kwenye hadithi. Mwaka 1926 huko Taiwani, kisiwa kilichokuwa chini ya utawala wa Japani wakati huo, alikuwako mtafiti wa magonjwa ya mimea aitwaye Eiichi Kurosawa. Alimkuza yule kuvu katika maji yenye chakula chake, halafu akayachuja yale maji mpaka kuvu wote wakabaki juu ya chujio. Maji yaliyobaki hayakuwa na kuvu hata mmoja. Akayatia kwenye miche ya mpunga yenye afya. Miche ikarefuka na kupauka, sawasawa na ile inayougua.

Tafakari hapo kidogo. Ugonjwa umetokea bila mgonjwesha kuwapo! Maana yake ni kwamba kuvu yule hutoa kitu fulani, na kitu hicho peke yake chatosha kuuvuta mmea juu.

Kukipata kitu chenyewe hakukuwa rahisi. Profesa Teijiro Yabuta wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliifanya kazi hiyo katika miaka ya 1930. Mara ya kwanza alipata chengachenga safi, akazijaribu kwenye miche, nayo ikadumaa badala ya kurefuka! Ikaonekana kwamba kuvu huyo mmoja hutengeneza vitu viwili, kimoja cha kudumaza na kingine cha kurefusha, na kipi kitazidi hutegemea chakula alicholishwa. Yabuta akabadili chakula cha kuvu. Mwaka 1935 akakipa kile kirefushaji jina la jiberelini, kutokana na jina la kitaalamu la kuvu mwenyewe wakati ule. Mwaka 1938 yeye na mwenzake Yusuke Sumiki walikipata kikiwa chengachenga safi.

Nchi nyingine hazikushughulika sana na habari hizo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1950 Waingereza na Wamarekani nao waliitengeneza jiberelini kutokana na kuvu yuleyule. Mwaka 1958 ikathibitishwa huko Uingereza kwamba jiberelini imo ndani ya mbegu changa za maharage ambayo hayajawahi kuugua. Yaani mimea hujitengenezea yenyewe, kwa kiasi kidogo mno, ili shina lipande na mbegu iote. Kuvu wa bakanae alikuwa anaumwagia mpunga kwa ndoo kitu ambacho mmea hujipimia kwa tone. Shina linavutwa mbio kuliko chakula cha kulijenga, likawa refu, jembamba na dhaifu.

Baada ya kupatikana unga wake, watu walianza kuujaribu kwenye mazao. Jaribio moja nalipenda kulisimulia, kwa sababu walichokipata sicho walichokitafuta. Japani kuna zabibu iitwayo Delawea, yenye vichala vilivyobanana mpaka punje zinapasuana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti walidhani kwamba jiberelini itarefusha vikonyo ndani ya kichala, punje zipate nafasi. Wakachovya vichala kabla ya maua kufunguka. Walipovuna, wakakuta zabibu hazina kokwa!

Ikawa ndiyo kazi ya kila mwaka ya wakulima wa Delawea. Kichala huchovywa mara mbili, kimoja kimoja, ndani ya kikombe. Mara ya kwanza ni kama siku 14 kabla ya maua kuchanua kabisa, na hapo ndipo mbegu inapozuiwa. Mara ya pili ni kama siku 10 baada ya kuchanua. Kwa kawaida mbegu ndiyo hutoa kichocheo cha kunenepesha tunda, na sasa mbegu haipo, kwa hiyo usipochovya mara ya pili punje zitabaki ndogo kama pilipili manga. Kipimo chake ni sehemu 100 katika sehemu milioni, yaani gramu 1 ya jiberelini halisi katika lita 10 za maji. Gramu 1 kwa lita 10, ndugu yangu! Ona jinsi kitu hiki kilivyo kikali.

Ndugu zangu wa Dodoma mnaolima zabibu, msikimbilie kuiga kipimo hicho. Ni cha aina ile ya Delawea. Aina nyingine kichala chake hupinda na kuwa kigumu, au macho ya mwaka ujao hushindwa kutoa maua. Muulize bwana shamba kwanza, na mkijaribu, jaribuni mzabibu mmoja.

Tena kuna wanaonunua pakiti yoyote iliyoandikwa "kichocheo" kwa ajili ya kuotesha vipandikizi vya maua au miti. Hapo utapoteza fedha. Jiberelini haioteshi mizizi ya kipandikizi, bali huizuia. Kazi ya mizizi ni ya kichocheo kingine kiitwacho oksini, ambacho Fritz Went wa Uholanzi alikinasa mwaka 1926 kutoka ncha za miche ya shayiri pori. Unga wa kuotesha mizizi una oksini ndani yake. Huchovywa kitako cha kipandikizi tu, kama sentimeta moja, na unga uliozidi hukung'utwa. Ukizidisha, kitako huwa cheusi na kuoza. Basi soma jina la dawa iliyomo, usisome picha iliyo juu ya pakiti.

Sasa tumalize na mpunga, maana ndiko tulikoanzia. Katika miaka ya 1960 tatizo la Asia lilikuwa hili: mipunga ya asili ni mirefu. Ukiitia mbolea ya chumvichumvi kwa wingi, inazidi kurefuka, suke linakuwa zito, upepo unakuja, shamba zima linalala ndani ya maji. Mbolea iliyonunuliwa inageuka hasara. Mwaka 1962 katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, Los Banyosi, Ufilipino, walichanganya mpunga mrefu wa Indonesia uitwao Peta na mpunga mfupi wa kutoka Taiwani, kisiwa kilekile cha Kurosawa. Kati ya wajukuu wa mchanganyiko huo wakachagua mmea mmoja mfupi wenye shina gumu. Mwaka 1966 ukatolewa kwa wakulima kwa jina la IR8. Urefu wake ulikuwa karibu mita moja, nao uliweza kubeba mbolea bila kulala. Wali wake haukusifiwa, kwa kweli. Punje zilikatika kinuni, na ukipoa ulikuwa mgumu. Lakini ghala zilijaa.

Waliouchagua waliuona ufupi tu, hawakujua unatoka wapi. Jibu lilipatikana mwaka 2002. Mpunga ule mfupi wa Taiwani una kasoro ya kuzaliwa katika hatua mojawapo ya kutengeneza jiberelini, kwa hiyo shina lake hupata kidogo. Ukiunyunyizia jiberelini, unarefuka kama mwingine. Mche mpumbavu na mpunga mfupi, basi, ni mambo mawili ya kitu kimoja. Mmoja umezidishiwa, ukafa bila punje. Mwingine umepunguziwa, na chakula ambacho kingejenga bua kikaingia katika suke.

Hapa kwetu pia tofauti hiyo unaishika mkononi. Mpunga wa Supa, tunaoupenda kwa harufu, ni mrefu. SARO 5 ni mfupi zaidi, na IR54 iliyolimwa Chekereni karibu na Moshi ni ya ukoo wa kule Los Banyosi. Ukilima Supa, usiipimie mbolea ya kukuzia kama jirani yako anavyoipimia SARO. Igawe kidogo kidogo, uangalie bua. Majani yakiwa ya kijani kizito mno na yameanza kuinama kabla ya suke kutoka, acha kuongeza mbolea msimu huo. Na akija mtu na chupa ya dawa ya "kurefusha mpunga", mwulize ni ya kuurefusha kwa kusudi gani, kisha mpeleke kitaluni ukamwonyeshe ule mche uliopauka.