SEHEMU YA 4: Mtoto aliyetanguliza makalio, na utafiti mmoja uliobadilisha leba zetu

Wiki iliyopita wengi mliniuliza: "Sista, mbona mama yangu alimzaa kaka yangu kwa makalio nyumbani na hakukuwa na shida, mimi naambiwa moja kwa moja upasuaji?" Jibu lina historia yake, na historia hiyo si ya zamani sana.

Kwanza tuelewane. Mimba ikiwa na wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya watano bado amekaa kichwa juu. Nafasi ipo, anajigeuza tu. Ikifika muda wa kujifungua wanabaki kama 3 au 4 katika kila 100. Ndiyo maana ukiambiwa "mtoto kakaa vibaya" ukiwa na miezi saba, usikose usingizi. Swali linaanza wiki ya 36.

Wakunga wa zamani walijua hatari iko wapi. Mtoto akitanguliza kichwa, kitu kikubwa kinapita kwanza na mwili unafuata wenyewe. Akitanguliza makalio, mwili unatoka halafu kichwa kinabaki nyuma, na kitovu kinabanwa kati ya kichwa na nyonga. Hapo dakika zinahesabika. Kosa kubwa ni kumvuta: ukimvuta mikono inapanda juu, shingo inanyooka, kichwa kinakwama. Mkunga mzoefu anaweka mikono yake mbali, anasubiri uchungu umsukume mtoto, na anajua mbinu za kutoa mikono na kichwa pale inapohitajika. Ujuzi huo mtu aliupata kwa kusimama pembeni ya mkubwa wake, leba baada ya leba.

Sasa tuje mwaka 2000. Mwezi Oktoba jarida la Lancet lilichapa utafiti ulioongozwa na Dkt. Mary Hannah wa Toronto, Kanada. Wanawake 2,088 katika nchi 26, wote na mtoto aliyetanguliza makalio, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapangiwe upasuaji, nusu wapangiwe njia ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilionekana wazi. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa 1.6 kwa kila 100 upande wa upasuaji, na 5 kwa kila 100 upande wa njia ya kawaida.

Hospitali za dunia nzima ziligeuka haraka ajabu. Uholanzi, kwa mfano, upasuaji kwa watoto wa makalio ulipanda kutoka karibu nusu hadi asilimia 80 ndani ya miezi miwili tu.

Kisha watu wakaanza kuusoma utafiti ule kwa utulivu. Wakaona wapo akina mama walioingizwa wakiwa tayari kwenye uchungu, wengine bila altrasaundi ya kuonyesha shingo ya mtoto imekaaje. Uzoefu wa waliozalisha nao haukulingana. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya watoto zaidi ya 900 waliofuatiliwa hadi miaka miwili: vifo na kuchelewa kukua kiakili havikutofautiana kati ya makundi mawili. Mwaka 2006 Ufaransa na Ubelgiji wakaleta takwimu za wanawake zaidi ya 8,000, kwenye hospitali zinazochagua mama kwa uangalifu na zenye wazoefu. Huko tofauti haikuonekana. Lakini miaka sita ilikuwa imepita, na madaktari vijana wengi hawakuwahi kuona mtoto wa makalio akizaliwa kawaida. Ujuzi usiposhikwa na mkono unapotea.

Njia ya tatu ilikuwepo muda wote: kumgeuza mtoto kwa nje, kwa mikono juu ya tumbo. Wigand wa Hamburg aliiandikia mwaka 1807. Zamani ilifanywa mapema, wiki ya 32 au 34, na faida yake ilikuwa ndogo: wengi wangejigeuza wenyewe, wengine waligeuzwa wakarudi, na likitokea tatizo unalazimika kumzaa njiti. Mwaka 1975 Saling na Müller-Holve wa Berlin walionyesha kwamba inawezekana mwishoni mwa mimba, ukimpa mama dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Hofmeyr wa Afrika Kusini akaipima mwaka 1983, na Harare nako ikafanyiwa utafiti. Leo mimba ya kwanza hugeuzwa kuanzia wiki ya 36, waliowahi kuzaa wiki ya 37.

Tuchukue mfano wa mama wa mimba ya pili. Wa kwanza alizaliwa kawaida, kilo 3. Wiki ya 36 mkunga anapapasa, anakuta kitu kigumu cha duara chini ya mbavu. Altrasaundi inaonyesha makalio chini, miguu imenyooka kuelekea usoni, kidevu kimeinama, kondo liko juu, maji yanatosha, uzito kama kilo 2.9. Je, anafaa kugeuziwa? Tunauliza: ametokwa damu siku saba zilizopita? Chupa imepasuka? Ni mapacha? Kondo limeziba njia? Mapigo ya mtoto yana shida? Mfuko wa uzazi una umbo lisilo la kawaida? Kuna sababu nyingine ya upasuaji? Yote hapana, basi anafaa.

Wiki ya 37 anakwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji tayari. Mapigo ya mtoto yanapimwa, anachomwa sindano ya kulegeza. Daktari ananyanyua makalio kutoka kwenye nyonga, anasukuma kichwa taratibu ili mtoto apige sarakasi. Inachukua dakika chache. Inauma kiasi, na mama akisema "acha", inaachwa. Kisha mapigo yanapimwa tena, na mwenye damu resus hasi anachomwa sindano yake. Kwa waliowahi kuzaa hufanikiwa kama mara 6 kati ya 10, kwa mimba ya kwanza kama 4. Kama mama 1 kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka baada yake, ndiyo maana haifanywi nyumbani wala kwa mtu wa kukanda tumbo.

Tuseme imeshindikana. Sasa achague. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza unaweka hivi: watoto wanaofariki ni kama 0.5 kwa kila 1,000 kwa upasuaji uliopangwa, 2 kwa kila 1,000 kwa makalio njia ya kawaida, na 1 kwa kila 1,000 akitanguliza kichwa. Upasuaji unamlinda huyu mtoto. Gharama yake inamwangukia mama: kidonda, na kovu ambalo mimba zijazo linaweza kushikwa na kondo au kuachia. Anayetaka watoto watano alipime hilo zaidi ya anayefunga hapa.

Mama wetu anaruhusiwa kufikiria njia ya kawaida: miguu haijatangulia, shingo haijanyooka nyuma, mtoto hajazidi kilo 3.8 wala hajadumaa. Limebaki swali moja, nalo linahusu hospitali. Muulize: "Usiku wa saa nane nikija na uchungu, nani yupo aliyewahi kuzalisha makalio, na upasuaji unaanza baada ya muda gani?" Kama jibu halieleweki, panga upasuaji, kuanzia wiki ya 39. Chupa ikipasuka kabla ya siku hiyo, usisubiri uchungu, njoo hapo hapo: kitovu kinaweza kutangulia.

Sehemu ya 5 ni kovu la upasuaji na mimba inayofuata. Maswali wekeni hapo chini, jioni nikitoka zamu nitajibu.