Bao, lango na kuotea: maneno ya taarifa fupi ya mechi

Msamiati wetu wa kandanda umelelewa redioni. Mtangazaji wa zama za Leonard Mambo Mbotela alikuwa na dakika 90 za kujaza na wasikilizaji wasioona kitu, kwa hiyo mpira ulikuwa gozi, mchezo ukawa kipute, uwanja ukawa dimba, na hakuna aliyelalamika. Sikio hupenda wingi. Lakini anayeandikia kijarida cha jamii pale Tarasaa amepewa sehemu ya ukurasa, baina ya tangazo la kliniki na habari za mvua. Urithi huo wa redio haumtoshi. Wakati mwingine humponza.

Tazama ufunguzi huu, ambao kila mmoja wetu ameusoma mahali: “Katika kipute cha kukata na shoka kilichosakatwa katika uga uliofurika mashabiki, vijana wa Tarasaa walijitoma dimbani wakiwa na kiu ya ushindi.” Utamu upo. Ila uga na dimba ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili, na bado hatujui nani alishinda. Kipimo changu ni kwamba katika taarifa fupi, kisawe kinachaguliwa kwa habari kinayobeba. Kisichobeba habari kirudi kwa mtangazaji, anakihitaji zaidi.

Tuanze na goli. Tumelikopa kwa Waingereza tukalitwika mizigo miwili: milingoti na wavu wake, na pia kile kinachohesabiwa. Ndiyo maana mtu huweza kuandika “mpira uligonga goli lakini halikuwa goli” na asione tatizo. Kiswahili kina maneno mawili yaliyogawana kazi vizuri kabisa. Lango ni la kupitia, bao ni la kuhesabu, na bao tayari lilikuwa na mchezo wake wa kete kabla ya mpira kufika pwani hii. Napendekeza goli libaki mdomoni mwa mashabiki, kwenye karatasi tuandike lango na bao.

Sare nayo ina ndugu. Magazeti ya Kenya huandika “sare tasa” pale timu zote zinapokosa bao. Waandishi wengi wa habari za michezo wa Tanzania husema suluhu kwa 0-0, na sare kwa 1-1 na kuendelea. Tofauti hiyo ni hazina kwa mwenye nafasi ndogo, maana neno moja limeshatoa matokeo. Hata hivyo, msomaji wa Garsen akisoma kwamba Tarasaa na Ngao wametoka suluhu, huenda akauliza waligombania nini. Sare tasa inaeleweka hapa. Tuitumie hiyo, tukiandika 0-0 kando yake.

Si kila neno tamu la jirani linasafiri salama. Tanzania penalti huitwa pia tuta. Katika delta ya Tana, tuta ni la mkulima, na barabarani ni lile linalokurusha kichwa hadi paa la matatu. “Alifunga kwa tuta” itaacha swali. Kadhalika nyanda, jina la kipa kwa Watanzania: kwa mfugaji wa Kiorma nyanda ni malisho. Kipa ni neno fupi na limeshaota mizizi. Mlinda lango ni zuri pia, kwa kuwa linatokana na lango tulilokwisha kulichagua.

Kuna mawili ninayoyaonea fahari. La kwanza ni kuotea. Anayeotea anavizia, kama mwindaji aliyejibanza kwenye kichaka akingoja mnyama ajilete. Hivyo ndivyo mshambuliaji anavyofanya anapotangulia nyuma ya mabeki kabla pasi haijapigwa. Ofsaidi inataja upande tu, kuotea inataja hila yenyewe. Ila lisiandikwe mpaka ujue nani aliashiria. Kwenye mechi zetu za mashinani kibendera hushikwa mara nyingi na kijana wa timu mojawapo. Huyo ni mshika kibendera. Mwamuzi msaidizi ni mtu aliyefunzwa sheria, na msomaji ana haki ya kujua bao lilikataliwa na yupi.

La pili ni kunawa. Mchezaji akiucheza mpira kwa mkono, amenawa. Kunawa ni tendo la kukusudia, hakuna anawaye kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mpira ukimgonga beki mkononi naye ameuficha mkono ubavuni, usimwandikie kwamba amenawa, andika “mpira ulimgusa mkono, refa akaamuru mchezo uendelee.” Hayo ni matukio mawili tofauti, na mabishano ya kijijini huanzia hapo.

“Dakika za majeruhi” ningeziacha. Refa hufidia muda uliopotea kwa kubadilisha wachezaji, kutoa kadi na kuchelewesha mchezo, si kwa kuumia pekee. Dakika za nyongeza ni jina la haki, nazo huandikwa 90+2. Tusizichanganye na muda wa ziada, zile dakika 30 za mechi ya mtoano iliyokosa mshindi.

Sasa vitenzi vya ushindi, ambavyo vinahitaji uangalifu zaidi ya vyote. Tunavyo vingi ajabu: kulaza, kulemea, kunyuka, kutandika, kuchabanga. Vinaweza kupangwa kwa uzito. Wa 1-0 wamelemea, wa 5-0 wamechabanga, naye anayeandika kuchabanga kwa 1-0 anadanganya kwa kitenzi. Lakini kuangamiza, kuteketeza na kuchinja visiingie kabisa katika kijarida kinachosomwa na Wapokomo na Waorma kwa pamoja. Delta hii ilizika watu wengi mno katika machafuko ya 2012 na 2013. Kuna nyumba ambazo kuteketeza si tamathali ya usemi. Kushinda kunatosha, na tarakimu zitasema ukubwa wa ushindi.

Tuyajaribu maneno haya kwa mechi ya kubuni:

“Tarasaa 2, Ngao 1. Tarasaa walitangulia kufungwa, kisha wakashinda Jumapili katika uwanja wa shule. Ngao walipata bao la kichwa dakika ya 12, kutokana na kona. Tarasaa walisawazisha kwa penalti dakika ya 51 baada ya beki kunawa mpira. Dakika ya 70 Ngao walitia mpira wavuni lakini refa akasema mfungaji alikuwa ameotea. Bao la ushindi lilipatikana dakika ya 90+2, shuti lilipomgonga beki likambadilikia kipa mwelekeo.”

Majina ya wafungaji yangeingia humo, baada ya kuulizwa kwa manahodha, kwa sababu jezi zetu huazimwa na namba hubadilika migongo. Angalia bao la mwisho: sikuandika kwamba beki alijifunga. Shuti lilikuwa linaelekea langoni, hivyo bao ni la aliyepiga. Kujifunga ni kwa yule aliyeupeleka mwenyewe mpira uliokuwa ukienda kwingine, na kitenzi hicho kitamfuata sokoni wiki nzima. Kusawazisha nako kumefanya kazi kubwa kwa neno moja: kumetupa matokeo ya 1-1 bila kuyataja.

Limebaki jina la soka lenyewe. Kenya tunasema la mashinani, kutoka shina, chini kabisa kwenye mti. Watanzania wana “ngumi za ridhaa” na “soka la ridhaa”, yaani linalochezwa kwa hiari, kinyume cha la kulipwa. Mashinani linataja ngazi. Ridhaa linataja moyo wa mchezaji anayelipa nauli yake kutoka Oda ili acheze. Hili la pili ningependa livuke mpaka, hata kama mwanzoni wasomaji wataliuliza.