Ukweli uliosukumwa na hofu ya mahakama

Aprili 1996, katika ukumbi wa jiji la East London, Afrika Kusini, Nomonde Calata aliketi mbele ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, kusimulia alivyojua kwamba mumewe hatarudi. Ilikuwa Juni 1985. Mumewe Fort Calata na wanaharakati wenzake wa kupinga ubaguzi wa rangi, Matthew Goniwe, Sparrow Mkonto na Sicelo Mhlauli, walitoka mkutanoni Port Elizabeth usiku, wakirejea Cradock, na hawakufika. Gazeti lilipoletwa nyumbani, mmoja wa watoto aliona picha ya gari la Goniwe lililoteketezwa. Mama huyo, aliyekuwa mjamzito siku hizo za 1985, alipokuwa akiyasimulia hayo alipiga ukelele, na kikao kikasimama.

Hivyo ndivyo dunia inavyoikumbuka tume hiyo: machozi, sala na kusamehe. Lakini picha hiyo inaficha namna tume ilivyofanya kazi. Sheria iliyoiunda, namba 34 ya mwaka 1995, haikutoa msamaha kwa wote, kama walivyotaka majenerali wa Makaburu, wala haikuamuru wote washtakiwe, kama walivyotaka jamaa wengi wa waliouawa. Mtu aliomba msamaha yeye mwenyewe, kwa kitendo kimoja kimoja. Ilimpasa aonyeshe kwamba alitenda kwa lengo la kisiasa, na aeleze yote anayoyajua. Kujuta hakukuwa sharti. Aliyepewa msamaha hakuweza tena kushtakiwa wala kudaiwa fidia kwa kitendo hicho. Familia ya Steve Biko na ya wakili Griffiths Mxenge zilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga jambo hilo, na mwaka 1996 zikashindwa.

Kwa nini basi muuaji aje kujieleza? Kwa sababu aliogopa kufungwa, na hapa ndipo kesi na tume zilipotegemeana. Agosti 1996 Eugene de Kock, kamanda wa kikosi cha mauaji cha Vlakplaas, alitiwa hatiani. Oktoba alihukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake. Polisi wa usalama waliona yaliyompata mwenzao. Mwezi huohuo Brigedia Jack Cronje na wenzake wanne walikuwa mbele ya kamati ya msamaha, wakieleza mauaji waliyoyafanya.

Lakini Oktoba hiyohiyo aliyekuwa waziri wa ulinzi, Magnus Malan, pamoja na maafisa kadhaa wa jeshi waliachiwa huru katika kesi ya watu 13 waliouawa KwaMakhutha mwaka 1987. Wanajeshi nao walisoma ishara: mahakama haiwezi kutushika. Wachache mno walijitokeza, na sehemu kubwa ya siri za jeshi ilibaki gizani. Kwangu mimi, miezi hiyo inaonyesha wazi kuwa tume haikuwa mbadala wa mashtaka. Ilikula kutokana na hofu ya mashtaka.

Maombi yalifika 7,112. Waliokubaliwa ni 849 tu. Wengi waliokataliwa walikuwa wafungwa wa makosa ya kawaida waliojaribu bahati. Ila miongoni mwao walikuwamo polisi sita walioomba msamaha kwa mauaji ya wale wanne wa Cradock. Mwaka 1999 kamati iliwakatalia, kwa kuwa hawakusema ukweli wote. Kwa mujibu wa mapatano hayo ya msamaha kwa ukweli, sasa ilikuwa zamu ya mwendesha mashtaka. Tume ilikabidhi majalada takriban 300 ya namna hiyo.

Hapo mapatano yalivunjwa, na waliovunja hawakuwa Makaburu bali serikali iliyochaguliwa na wananchi. Mwaka 2015 Vusi Pikoli, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa mashtaka wa taifa, aliapa mbele ya mahakama kwamba wanasiasa waliingilia kazi hiyo ili majalada yasisonge. Fidia nayo ilikuwa haba: mwaka 2003 serikali iliamua kumlipa kila mhanga aliyetambuliwa randi 30,000, mara moja tu. Familia zilikuwa zimeambiwa zingoje ukweli. Ukweli ulipokosekana, hazikupewa hata kesi. Huu ni udhalimu wa pili, na siuoni kuwa mdogo kuliko wa kwanza kwa mjane aliyesubiri tangu 1985.

Januari 2025 familia na manusura 25 waliishtaki serikali kwa kuzembea. Mwaka huohuo Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume inayoongozwa na jaji kuchunguza nani aliyezuia mashtaka, na Juni mahakama ya Gqeberha, jina jipya la Port Elizabeth, ilianza uchunguzi wa tatu wa vifo vya wanne wa Cradock. Ule wa kwanza ulisema wauaji hawajulikani. Wa pili ulivitaja vyombo vya usalama bila kumtaja mtu. Huu wa tatu unaweza kuwataja kwa majina, lakini polisi wote sita walionyimwa msamaha wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama kizimbani kwa mauaji hayo.